Jinsi ya Kuutangazia Mji Mzima Unapolala: Mwongozo wa Mwenye Saa ya Mazoezi

Ukitaka watu usiowajua wajue unapolala, unatoka saa ngapi, unapita njia ipi na nyumba inabaki bila mtu kwa muda gani, huhitaji kuajiri mpiga mbiu. Vaa saa ya mazoezi, iunganishe na programu ya wakimbiaji, bonyeza kitufe cha kuanza ukiwa umesimama getini, kimbia, rudi, kizime ukiwa umesimama pale pale, kisha usiguse mpangilio wowote. Kazi imekwisha. Kesho ukirudia, utakuwa umeithibitisha.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kinyume chake. Kuwaonyesha marafiki mazoezi yako ni jambo jema. Kuna watu wengi wanaoamka alfajiri kwa sababu tu wanajua wenzao wataona kama hawakuamka, na kuna dada wengi wasiothubutu kutoka gizani mpaka mtu wa nyumbani awe anawafuata kwenye ramani. Hakuna sababu ya kuacha. Kuna sababu ya kuchagua nani anaona nini, na uchaguzi huo hufanywa kabla ya mbio za kwanza, kwa sababu mbio zikishaonekana huwezi kuyafuta macho yaliyoziona.

Nitazungumzia saa za Garmin zikiwa zimeunganishwa na Strava, maana ndivyo wakimbiaji wengi wa vikundi vya mitaani wanavyotumia. Mwenye saa ya aina nyingine atakuta maswali ni yale yale, hata kama vitufe vina majina tofauti.

Kwanza, jua saa inaandika nini

Wengi hudhani saa inapeleka kwa marafiki kitu kimoja: kilomita kumi, dakika hamsini na tano, hongera. Inachopeleka ni msururu wa nukta. Kila baada ya sekunde moja au chache, saa inaandika ulipo kwa latitudo na longitudo, pamoja na wakati kamili. Ukiziunganisha nukta hizo unapata mstari wa njia yako, na mstari una ncha mbili. Kwa mtu anayeanzia na kuishia nyumbani, ncha zote mbili ni geti lake.

Dunia ilijifunza nguvu ya nukta hizi mwaka 2018. Novemba 2017 Strava ilikuwa imetoa ramani ya dunia nzima inayong'aa kila mahali watumiaji wake walipofanya mazoezi, bila jina la mtu yeyote. Januari iliyofuata, mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba kwenye nchi kama Syria na Afghanistan, ambako wenyeji wachache walikuwa wakitumia programu ile, maumbo ya kambi za kijeshi yalikuwa yanawaka katikati ya giza. Askari walikuwa wanazunguka uzio kwa mazoezi, na saa zao zikachora uzio. Agosti 2018 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikawazuia watumishi wake kutumia huduma za kuonyesha mahali walipo wakiwa kwenye maeneo ya operesheni.

Kama kambi yenye ulinzi ilichorwa bila kutaja jina la mtu, fikiria nyumba yako, ambayo mstari wake una jina lako na picha yako juu yake.

Hatua ya 1: Amua hadhira, kisha kumbuka ya nyuma

Ukitaka kila mwenye simu aone mbio zako, acha kama ulivyokuta. Mtu mzima anayefungua akaunti ya Strava hukuta mazoezi yake yamewekwa wazi kwa `Everyone`, yaani yeyote. Fungua `Settings`, kisha `Privacy Controls`, halafu `Activities`. Utaona chaguo tatu: `Everyone`, `Followers` na `Only You`. Kwa mtu anayetaka marafiki waone na wapita njia wasione, jibu ni `Followers`.

Lakini `Followers` ina maana pale tu unapochagua wafuasi. Kwa hiyo kwenye ukurasa huo huo badilisha na `Profile Page` iwe `Followers`. Ukifanya hivyo, anayetaka kukufuata lazima aombe na wewe ukubali. Usipofanya hivyo, mtu anabonyeza kitufe kimoja, anakuwa mfuasi, na ule mlango ulioufunga anaufungua mwenyewe.

Hapa pita orodha ya wafuasi ulio nao tayari, mmoja mmoja. Yule mliyekutana kwenye marathoni ya Moshi mkapiga picha pamoja, unamkumbuka jina? Yule mchumba mliyeachana, bado yumo? Kikulacho ki nguoni mwako: mtu anayeweza kukusumbua kwa kujua unapopita kila Jumatano mara nyingi si mgeni. Strava inakuruhusu kumwondoa mfuasi bila kumzuia kabisa, na haimtumii taarifa.

Kisha kuna lile ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mpangilio mpya unahusu mbio za kuanzia leo. Mbio za miaka mitatu iliyopita zinabaki na mpangilio uliokuwapo siku ile. Humo humo kwenye faragha kuna `Edit Past Activities`, inayobadilisha mazoezi yote ya zamani kwa mpigo mmoja. Usipoitumia, umefunga geti la mbele na kuacha ukuta wa nyuma umebomoka.

Na usisahau kwamba mbio moja inakaa kwenye nyumba mbili. Saa ya Garmin hupeleka faili kwanza kwenye Garmin Connect, kisha nakala inakwenda Strava. Kila moja inafuata mipangilio yake. Ukifunga Strava, Garmin Connect haijui. Huko nenda kwenye `Settings`, kisha `Profile & Privacy`, uangalie mazoezi yamewekwa kwa nani. `My Connections` ndiyo inayolingana na marafiki.

Hatua ya 2: Ficha geti, lakini lifiche vizuri

Strava ina sehemu iitwayo `Map Visibility`. Inakupa njia tatu. Unaweza kuandika anwani yako, na mstari ukafutwa kila unapoanzia au kuishia hapo. Unaweza kufuta mwanzo na mwisho wa kila mbio, popote zilipo. Au unaweza kuficha ramani yote, marafiki wakabaki wanaona umbali, muda na kasi. Kwenye njia mbili za kwanza unachagua ukubwa wa eneo linalofichwa, kuanzia mita 200 hadi mita 1600.

Wengi huchagua mita 200 na kulala usingizi mzuri. Nitaeleza kwa nini usingizi huo haufai, na nitaufuata mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho.

Chukua mkimbiaji wa Mikocheni, Dar es Salaam. Ameweka anwani yake na kuficha mita 200. Jumatatu anakwenda upande wa baharini na kurudi kwa njia ile ile. Programu inasema amekimbia kilomita 6.42. Mtu mwenye muda mkononi anaupima mstari unaoonekana kwenye ramani, anapata kilomita 5.90. Zimepotea mita 520. Kwa kuwa njia ya kwenda na ya kurudi ni moja, anagawa kwa mbili: mita 260 za barabara kutoka mahali mstari unapokatika mpaka getini. Mita 200 zilizofichwa zinapimwa kwa mstari ulionyooka, ila barabara ina kona, ndiyo maana mkimbiaji alitembeza miguu mita 260.

Sasa yule mtu anaweka kidole pale mstari ulipokatika na kufuata kila barabara inayoingia ndani mpaka zitimie mita 260. Mtaani hapo pana njia panda mbili, kwa hiyo anapata nyumba nne au tano zinazowezekana. Bado hajui ni ipi. Anasubiri Jumatano. Siku hiyo mkimbiaji ameelekea upande mwingine. Programu inasema kilomita 5.00, mstari unaonekana kilomita 4.38, zimepotea mita 620, nusu yake mita 310. Anafuata barabara za upande huo mita 310 kutoka mstari unapokatika. Kati ya majibu ya Jumatatu na majibu ya Jumatano, mahali panapokutana ni pamoja tu. Ndipo geti lilipo.

Sijabuni ujanja huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, waliueleza mwaka 2022, wakionyesha kwamba umbali unaotangazwa, ukilinganishwa na mstari unaoonekana na mtandao wa barabara, unaweza kufichua mahali palipofichwa. Miaka minne kabla yao, watafiti wengine walikuwa wameonyesha njia nyepesi zaidi: ukipata ncha tatu za mistari iliyokatwa kwenye ukingo wa duara, uliweza kulichora duara lenyewe, na katikati yake ndipo palipokuwa nyumbani.

Funzo lake ni la vitendo. Ongeza ukubwa wa eneo. Kadiri linavyokuwa pana, ndivyo barabara na nyumba zinazowezekana zinavyoongezeka, na mahesabu yale yanamchosha mtu. Mtaa wenye nyumba zilizobanana unakulinda zaidi kuliko shamba lenye nyumba moja mwisho wa barabara. Anayekaa pembeni mwa mji aende moja kwa moja kwenye mita nyingi au afiche ramani yote. Na juu ya hayo, usiwashe saa nyumbani. Tembea mpaka dukani au kwenye kituo cha daladala kupasha misuli, bonyeza hapo. Ukirudi, zima mahali pengine tofauti, umalizie kwa kutembea. Nukta ambayo saa haikuiandika haiwezi kupigiwa hesabu na mtafiti yeyote.

Kuna gharama moja uijue. Kipande cha njia chenye ubao wa ushindani, kinachoanzia au kuishia ndani ya eneo lililofichwa, hakikuhesabii nafasi. Kama unashindania kilima kilicho karibu na kwenu, utalazimika kuchagua kati ya taji na geti. Mimi nasema chagua geti.

Angalia pia yale yasiyo ramani. Picha ya viatu vipya mbele ya namba ya nyumba inavunja kazi yote uliyofanya. Jina la mbio lisemalo "kutoka home hadi kazini" linafanya vivyo hivyo. Saa ya kuanza nayo ni siri: mtu akijua kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa unatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi baada ya dakika arobaini, hahitaji kujua zaidi. Ukiifungua mbio na kuihariri, unaweza kuficha muda wa kuanza, watu wakaona tarehe tu.

Hatua ya 3: Muulize rafiki yako naye amefunga?

Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mienendo ya marais ilikuwa inaweza kufuatwa kupitia Strava. Emmanuel Macron hakuwa anaweka mbio zake. Walinzi wake ndio waliokuwa wanakimbia karibu na mahali alipofikia, akaunti zao zikiwa wazi. Njia hiyo hiyo iliwahusu walinzi wa marais wa Marekani na Urusi.

Wewe huna walinzi, ila una mwenzako wa mazoezi. Eneo lako la siri linakata mstari wako, halikati wake. Akija kukuchukua na kuwasha saa getini kwako, mbio zake zinaanzia kwako zikiwa nzima, hazijafichwa hata mita moja. Na kwa kuwa mmekimbia pamoja, Strava inaweza kuwaweka kwenye kundi moja, jina lako likionekana kwenye mbio zake. Mtu wa tatu anasoma: hawa wawili, mahali hapa, saa hii.

Kwenye `Privacy Controls` fungua `Group Activities` uchague nani akuone kwenye kundi, kisha uangalie `Flybys`, inayoonyesha ulipishana na nani njiani, ibaki imezimwa. Lakini tiba kubwa hapa ni maneno ya mdomo. Kubalianeni kikundi kizima kwamba hakuna anayewasha saa kwenye geti la mtu. Kutaneni kwenye mzunguko, kwenye uwanja, kwenye kituo cha mafuta, mahali ambapo kila mtu anajua watu hukusanyika.

Hatua ya 4: Mahali ulipo sasa hivi ni kwa watu wachache

Mbio zilizokwisha zinasema ulikuwa wapi. Mahali ulipo sasa hivi ni jambo jingine, na orodha yake iwe fupi kuliko orodha ya wafuasi. Watu wawili wanatosha: mmoja anayelala karibu, tena anayeamka mapema, na mmoja mwenye usafiri.

Kwenye Garmin huduma hii inaitwa LiveTrack. Ukianza mbio, uliowachagua wanatumiwa barua pepe yenye linki, wanaona nukta ikitembea. Yapo mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni `Auto Start`: ikiwa imewashwa, kila zoezi linatuma linki lenyewe, hata siku uliyotaka kwenda peke yako kimya. La pili ni muda: ukiwasha kurefusha, watazamaji wanaendelea kuona njia yako mpaka saa 24 baada ya kumaliza. La tatu ni linki yenyewe. Aliye nayo ndiye anayeona. Ukiibandika kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili, umewapa watu mia mbili, pamoja na kila watakayemtumia. Na lile eneo ulilolificha Strava halina nguvu yoyote huku. LiveTrack haijui kama lipo.

Asiyetaka mzigo huo atumie mahali pa moja kwa moja pa WhatsApp kwenye simu. Unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, na baada ya hapo panajizima. Kwa mbio za alfajiri chagua saa 1. Saa 8 ni ya safari, si ya jogi.

Hata hivyo, nukta si mlinzi. Saa nyingi hazina intaneti yake. Zinaongea na simu kwa bluutuuthi, na simu ndiyo inayopeleka. Bando likiisha, mtandao ukikatika bondeni au simu ikizima chaji, nukta inasimama pale pale, na anayetazama hawezi kujua kama umeanguka au umeishiwa bando. Kwa hiyo kabla ya kutoka, yazungumzeni. Mazungumzo ya mdogo na kaka yake yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Kaka, natoka. Narudi saa kumi na mbili na robo."

"Na ukisimama?"

"Angalia muda wa mwisho nukta iliposogea. Zikipita dakika kumi, nipigie. Nisipopokea mara mbili, mpigie yule wa bodaboda wa kijiweni, aje kwa njia ya shule. Mimi siibadilishi njia."

"Haya. Ukifika niambie, nisikae roho juu."

Mambo manne yamo humo: saa ya kurudi, dakika za kuvumilia, mtu wa kwenda kutazama, na njia isiyobadilika. Bila hayo, kushiriki mahali ulipo kunampa mtu wa nyumbani wasiwasi bila kumpa la kufanya.

Kila baada ya miezi michache rudi kwenye orodha ya wanaopokea. Watu wanahama, wanagombana, wanaachana. Barua pepe uliyoiandika wakati mnapendana itaendelea kupokea linki mpaka uifute kwa mkono wako.

Hatua ya 5: Jitazame kwa macho ya mgeni

Mipangilio inaweza kuonekana sawa na bado ukawa umesahau mahali. Usiamini unachokiona ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, kwa sababu wewe unaonyeshwa kila kitu, pamoja na kile kilichofichwa kwa wengine. Omba simu ya jirani au ya mfanyakazi mwenzako mwenye akaunti ya Strava ambaye hakufuati. Atafute jina lako. Je, anaona mbio? Anaona picha? Kisha muombe rafiki anayekufuata afungue mbio ya wiki hii na nyingine ya mwaka juzi. Kuza ramani. Mstari unakatika wapi? Je, ya mwaka juzi nayo imekatika, au inaingia mpaka getini?

Ukiona mstari unaofika nyumbani, huo si mwisho wa dunia. Ifanye mbio hiyo iwe `Only You`. Tambua tu mpaka wa kinga hii: mipangilio yote niliyoitaja inawazuia watazamaji wengine. Haimzuii mfuasi kupiga picha ya skrini, na haiifanyi kampuni isijue unapokaa; faili lako lote, na ncha zake zote, limo kwenye kompyuta zao. Kinga pekee inayowahusu na wao ni ile ya kutowasha saa mpaka utoke mtaani.

Ukiwa na dakika tano tu leo, fanya mawili kwa mpangilio huu: weka `Activities` iwe `Followers`, za sasa na za zamani, kisha uhamishe mahali pa kuwashia saa. La kwanza linawaondoa usiowajua. La pili linakulinda hata dhidi ya unaowajua, na halihitaji nywila, bando wala ruhusa ya mtu.